Kumwomba Profesa Kikao cha Usimamizi

"Mambo Prof, za siku? Nataka tuonane kesho nikuonyeshe sura ya pili. Una nafasi saa ngapi? Nijibu fasta."

Baruapepe hii ya mwanafunzi wa uzamili haina tusi, na rafiki angeipokea vizuri. Kwa profesa mwandamizi anayesimamia tasnifu, haifai. Wengi wakiirekebisha hubadili salamu tu, kwa kuwa "mambo" humdai mkubwa aitikie "poa". Lakini utovu wa adabu umejificha zaidi kwenye vitenzi.

Neno "tuonane" lina kiambishi -an- cha kutendana, ambacho huwaweka wawili hao kwenye ngazi moja kama watu waliopanga kukutana mkahawani. "Nifike ofisini kwako" humrudisha mwanafunzi mahali pake: yeye ndiye mwenye haja, na yeye ndiye anayetembea. "Nataka" hugeuka "naomba". "Nijibu" ni amri hata ikivikwa "tafadhali", hivyo ni bora kutaja shukrani kwa jibu litakalokuja.

Kisha kuna "kesho". Sura nzima haisomwi usiku mmoja, kwa hiyo rasimu hutangulia na siku za kikao hupendekezwa baadaye kidogo. Kuuliza tu "una nafasi saa ngapi" humtwika profesa kazi ya kupanga, ilhali kutaja nyakati mbili humwachia kuchagua.

Baada ya marekebisho, ujumbe husomeka hivi:

"YAH: OMBI LA KIKAO CHA USIMAMIZI, SURA YA PILI YA TASNIFU

Profesa Fulani,

Shikamoo.

Nimekamilisha rasimu ya sura ya pili, nami nimeiambatisha hapa. Naomba kufika ofisini kwako ili nipate mwongozo wako, hasa kuhusu kiunzi cha nadharia. Iwapo utakuwa na nafasi, napendekeza Jumanne tarehe 10 saa 4:00 asubuhi, au Alhamisi tarehe 12 saa 8:00 mchana. Kama nyakati hizo hazifai, nitafika wakati wowote utakaonipangia.

Nitashukuru kupata maelekezo yako.

Wako mtiifu,"

Chini yake hufuata jina kamili, namba ya usajili na programu ya masomo, maana msimamizi mmoja huwa na wanafunzi kadhaa.

"Shikamoo" hapo ni desturi ya Tanzania zaidi, na barua rasmi ya ofisini kwa kawaida haina salamu hiyo. Kwa msimamizi anayefahamiana na mwanafunzi wake inakaa vizuri. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" inaweza kuachwa bila hasara, kwani kichwa chenyewe kimeshasema. Kurundika "Mheshimiwa sana" kila sentensi nako huchosha, na huweza kusikika kama kejeli.

Saa nazo zina mtego wake. Saa 4:00 asubuhi ya Kiswahili huonekana 10:00 kwenye kalenda ya simu, na anayesahau kuandika "asubuhi" au "mchana" huweza kukuta mlango umefungwa.