Mishumaa minne ya kungojea Noeli: namna ya kuomba nyumbani

Majilio, majuma ya kungojea Noeli, huanza Jumapili ya nne kabla ya sikukuu. Mwaka 2026 itakuwa tarehe 29 Novemba. Familia nyingi za Wakristo huzungushia majani mabichi mishumaa minne, na kila Jumapili huwasha mmoja zaidi.

Wengine kati yetu wanauliza kama hiyo si ibada ya sanamu. Mwaka 1839, mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini huko Hamburg, Ujerumani. Inasimuliwa kwamba walimsumbua kila siku: Noeli ni lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu ya siku za kazi na mikubwa minne myeupe ya Jumapili, watoto wahesabu wenyewe. Basi mshumaa unahesabu siku tu. Hausikii, hauombwi, tunaomba kwa jina la Yesu.

Juma la kwanza ni la tumaini. Zimeni taa zote, mtoto mdogo awashe mshumaa mmoja, mtu asome Isaya 9, kisha baba au mama aombe hivi: «Bwana, nuru hii ni ndogo na giza la nyumba ni kubwa. Hata hivyo tunaonana nyuso. Utufundishe kukungojea.» Nyamazeni kidogo. Sisi Wapentekoste kunyamaza kunatushinda, lakini watoto wanakupenda.

Juma la pili ni la amani. Washeni kwanza ule wa zamani, halafu mpya. Hapa msiombee amani kwa jumla tu. Kila mmoja ataje kijiji au mtu: «Bwana, umkumbuke shangazi aliyekimbia vita, umrudishe shambani kwake.» Mwenye ugomvi na ndugu yake mle nyumbani aseme naye kabla ya kiberiti kuwashwa.

La tatu ni la furaha. Toeni shukrani na mwimbe. La nne ni la upendo. Someni Matayo 1 na mpange jirani gani mtamwalika kula Noeli.

Mkiwasha kila jioni mpaka tarehe 24 Desemba, mwaka huo mshumaa wa kwanza utawaka jioni 26, wa pili 19, wa tatu 12, wa nne 5. Kwa dakika kumi kila jioni, wa kwanza unahitaji zaidi ya saa nne za kuwaka. Buji nyembamba inaweza kuisha mapema, hasa umeme ukikatika na mtu akaiazima kwa kupikia. Nunueni nene, au muwashe Jumapili tu. Simamisheni mishumaa katika sahani ya mchanga, na mbadilishe majani kila juma: yakikauka na kulia mkononi, yanashika moto upesi. Msilale kabla ya kuizima.

Siku ya Noeli wengine huongeza wa tano, mweupe, katikati, kwa ajili ya Kristo aliyekwisha kuja.