Nani Anasahihisha Mtihani? Masoko ya Ubashiri na Bumu Lako

Semesta iliyopita, wiki ileile bumu lilipoingia, jamaa mmoja wa hosteli yetu alinisogezea simu yake. "Ticha, hii siyo kubeti," akaniambia. "Hapa hakuna kampuni ya kukula. Swali lipo asilimia 97, ni hela ya bure." Alikuwa ameweka shilingi 194,000 ili apate 200,000. Sikuwa na la kumjibu siku ile. Nikakaa kulisoma jambo lenyewe, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Tuanze na tunachokijua wote. Kwenye kampuni ya kubeti, kampuni ndiyo inayopanga odi na wewe unacheza dhidi yake. Chukua mechi ambayo "zaidi ya magoli mawili na nusu" ina odi 1.80 na "chini ya magoli mawili na nusu" nayo ina 1.80. Ukiweka buku kila upande umetoa 2,000, na upande mmoja lazima ushinde. Utalipwa 1,800. Ile 200 iliyobaki ni ya kampuni, matokeo yawe yoyote. Hata mkeka usipochanika, ile asilimia yao imeshakatwa ndani ya odi.

Soko la ubashiri, kama Polymarket au Kalshi la Marekani, linakwenda tofauti. Linatoa swali lenye majibu mawili, Ndiyo na Hapana, na watu wananunua hisa za jibu wanaloliamini. Hisa ya jibu litakaloshinda inalipwa dola 1, ya jibu litakaloshindwa inalipwa sifuri. Ukinunua Ndiyo kwa senti 60, maana yake kuna mtu mahali fulani amenunua Hapana kwa senti 40. Jumla ni dola moja, inawekwa pembeni mpaka jibu lijulikane, halafu mmoja wenu anaichukua yote. Soko lenyewe halipangi odi, na halipotezi kitu ukishinda. Kingine, huna haja ya kusubiri mwisho: bei ikipanda unaweza kuuza hisa zako ukaondoka, mradi yupo mnunuzi. Kwa hiyo jamaa yangu hakunidanganya. Kweli pale hakuna kampuni ya kumla.

Ila kuna mtu upande wa pili, na hapo ndipo pa kwanza pa kutazama. Mwishoni mwa Oktoba 2024, hisa ya Trump kushinda urais wa Marekani ilikuwa zaidi ya senti 60 pale Polymarket, wakati kura za maoni zilionyesha wagombea wanakaribia kulingana. Wengi wakasema soko limejua kitu. Baadaye ikafahamika kwamba Mfaransa mmoja, aliyejulikana kwa jina la bandia la Théo, alikuwa ameweka zaidi ya dola milioni 30 kwa Trump kupitia akaunti kadhaa. Alishinda, na alieleza kwamba alikuwa amelipia kura zake mwenyewe za maoni. Kwa hiyo ile bei haikuwa hekima ya umati tu, sehemu yake ilikuwa mfuko wa mtu mmoja. Na yule aliyekuwa upande wa pili na dola zake 20 hakujua anashindana na nani. Kwenye kubeti tunajua kampuni ina taarifa kuliko sisi. Hapa anayekuzidi taarifa humwoni, na anaweza hata kuwa mtu wa ndani ya jambo lenyewe.

Pa pili ndipo paliponishtua zaidi, pengine kwa sababu nasomea ualimu. Tunafundishwa kwamba swali la mtihani lisiloeleweka halisahihishiki kwa haki, hata msahihishaji awe mwema namna gani. Mwaka 2025 Polymarket waliweka swali: je, Zelensky, rais wa Ukraine, ataonekana kwenye picha au video amevaa suti kati ya Mei 22 na Juni 30? Jibu lingetokana na makubaliano ya vyombo vya habari vinavyoaminika. Linaonekana swali rahisi. Juni 24 Zelensky akatokea kwenye mkutano wa NATO mjini The Hague na koti jeusi na suruali ya rangi hiyohiyo, bila tai. Vyombo kadhaa vikaandika kwamba kavaa suti. Bei ya Ndiyo ikapanda. Wengine wakasema hiyo si suti. Sisi wenyewe tungebishana usiku kucha kama kaunda suti ni suti, lakini ubishi wetu haungekuwa na zaidi ya dola milioni 200 za miamala juu yake. Mwezi Julai likatoka jibu la mwisho: Hapana.

Nani aliamua? Polymarket hawakuamua wenyewe. Maswali yao mengi yanapobishaniwa yanapelekwa kwenye mfumo unaoitwa UMA, ambapo wenye tokeni za UMA wanapiga kura. Mwenye tokeni nyingi ana kura nyingi. Anayepiga kura tofauti na walio wengi anakatwa tokeni zake, kwa hiyo mpiga kura anaanza kujiuliza "wenzangu watasema nini?" kabla ya "ukweli ni upi?" Zaidi ya hapo, mpiga kura anaweza kuwa na hisa zake kwenye swali hilohilo. Ni sawa na msahihishaji aliyewekea hela matokeo ya mtihani anaousahihisha.

Usidhani hiyo ni hofu ya kwenye makaratasi. Machi 2025 kulikuwa na swali kama Ukraine itakubali mkataba wa madini na Trump kabla ya Aprili. Mkataba haukuwepo. Ulisainiwa Aprili 30. Hata hivyo swali lilifungwa kwa Ndiyo, baada ya mmiliki mmoja wa tokeni kupiga kura kupitia akaunti kadhaa zenye karibu robo ya kura zote. Polymarket walikiri kwamba jibu halikuendana na matarajio ya watumiaji, lakini hela hazikurudishwa. Kampuni ya kubeti yenye leseni hapa nchini ikikuzingua, angalau Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo, unajua pa kulalamika. Soko lisilo na leseni hapa, unalolilipa kwa sarafu za kidijitali, utalishtaki wapi?

Sasa rudi kwenye ile asilimia 97. Kila hisa inakugharimu senti 97 ili upate faida ya senti 3. Ukikosea mara moja tu, umefuta faida ya mara 32 ulizopatia. Ile hatari ya asilimia 3 haiko kwenye tukio peke yake, iko pia kwenye maneno ya swali na mikono ya wanaolisahihisha. Dalili za swali baya zinaonekana mapema ukisoma kanuni zake: neno lisilo na maana moja, kama "suti" au "kukubali", chanzo cha jibu ambacho si tangazo moja rasmi, na wanunuzi wachache kiasi kwamba ukitaka kuuza utaangusha bei mwenyewe.

Jamaa yangu alipata elfu sita yake mara ya kwanza, na nyingine mara ya pili. Swali la tatu likakwama kwenye ubishi siku kadhaa, hela imefungwa huku kodi ya hosteli ikidaiwa, kisha likaishia upande wa pili. Nilipomuuliza kama alisoma kanuni za lile swali, akasema alisoma kichwa cha habari tu.