Je, Wajua? Kidole cha mtoto husema kabla ya ulimi

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiona ndege angani, kwa kawaida hunyoosha kidole, kisha hugeuka kumtazama mama: "Nawe umeona?" Mtoto mwenye usonji mara nyingi hafanyi hivyo. Akitaka maji, huenda akaushika mkono wa mama na kuuvuta hadi kwenye mtungi, bila kumwangalia usoni.

Wazazi wengi husubiri maneno tu. Huambiwa, "Hata babake alichelewa kusema." Kuchelewa kusema peke yake si usonji; lakini kukiambatana na kutotazamana machoni, kutoitikia jina na kutoonyesha kwa kidole, usisubiri. Miezi 16 bila neno lolote, au kupoteza maneno aliyokuwa nayo, ni sababu ya kwenda kliniki.

Hatua ya kwanza ni kupima masikio, kwa kuwa asiyesikia naye haitikii. Usonji wenyewe hauna kipimo cha damu. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza na kumhoji mzazi. Hautokani na chanjo, malezi mabaya, wala kuzungumza lugha mbili nyumbani.

Nchini Kenya, vituo vya tathmini ya elimu vijulikanavyo kama EARC humpima mtoto na kumwelekeza panapomfaa. Tiba ya usemi inaweza kuanza hata kabla ya jina la tatizo kuthibitishwa. Mzazi, nenda na video fupi ya mtoto akicheza nyumbani, itamsaidia mtaalamu.