Mzigo Ulio Katikati ya Boriti

Mhandisi anayesanifu ghorofa huipa kompyuta mchoro wa nguzo na boriti, huitajia ukubwa wa kila kipande, kisha huweka mizigo: uzito wa slabu, kuta za matofali, watu na samani. Muda mfupi baadaye programu huchora momenti za kupinda kwenye kila boriti, na kutokana na mchoro huo hupangwa nondo.

Lakini programu haiitazami boriti yote kwa pamoja. Hesabu yake kuu inahusu viungo tu, yaani mahali boriti inapokutana na nguzo, ukuta au boriti nyingine. Kwa kila kiungo inatafuta mambo mawili makubwa: kimesogea kiasi gani, na kimezunguka kiasi gani. Hapo pana shida, kwa sababu mizigo mingi ya jengo haikai kwenye viungo. Slabu huilemea boriti toka ncha hadi ncha. Mzigo huo unaingiaje katika hesabu inayojua viungo peke yake?

Kila boriti huingia katika hesabu ikiwa na jedwali la namba liitwalo matriki ya ukakamavu. Kwa boriti iliyonyooka inayopinda juu na chini tu, jedwali lina mistari minne na safu nne, kwa kuwa kila ncha ina namna mbili za kuondoka mahali pake: kupanda au kushuka, na kuzunguka. Ukiishika ncha moja isitikisike na kuizungusha nyingine kwa kipimo kimoja, utahitaji momenti ya 4EI/L pale unapozungusha, na ncha iliyoshikwa itapokea 2EI/L. Herufi E ni ukakamavu wa zege au chuma chenyewe, I hutokana na umbo la boriti ikikatwa kipande, na L ni urefu wake. Boriti mbili za aina moja, moja ikiwa ndefu mara mbili ya mwenzake, ile ndefu huzungushwa kwa nusu ya momenti.

Jedwali hilo halina habari yoyote ya mzigo. Linaeleza tu jinsi boriti tupu inavyokataa kupindwa kwenye ncha zake.

Njia ya kuuingiza mzigo ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1930 Hardy Cross, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alichapisha namna ya kukokotoa fremu kwa mkono kwa kuanza na dhana moja: viungo vyote vimefungwa kabisa, havizunguki. Boriti ikibebeshwa mzigo katika hali hiyo, ncha zake husukuma na kupinda vile viungo kwa kani zinazojulikana mapema. Mzigo w uliotandazwa sawasawa huhitaji kani ya wL/2 kuishikilia kila ncha, pamoja na momenti ya wL²/12. Hizo ndizo kani za ncha zilizofungwa. Baada ya hapo viungo huachiwa, vikazunguka mpaka vitulie. Cross aliviachia kimoja kimoja kwa penseli. Kompyuta huviachia vyote kwa mara moja:

```
K·D = P − Pf
```

K ni matriki ya fremu nzima, D ni miendo ya viungo inayotafutwa, P ni mizigo iliyowekwa moja kwa moja kwenye viungo, na Pf ni zile kani za ncha zilizofungwa. Alama ya kutoa ndiyo inayoviachia viungo.

Tuchukue boriti moja ya zege inayopita juu ya egemeo la kati, B, huku ncha zake mbili, A na C, zikiwa zimekazwa ndani ya kuta nene. Kutoka A hadi B ni mita 6, na kutoka B hadi C ni mita 4. Kipande cha kwanza kina mzigo wa kilonewtoni 20 kwa kila mita. Cha pili hakina kitu. Kuta haziruhusu A na C kuzunguka, na B haiwezi kushuka, kwa hiyo kitu kimoja tu hakijulikani: B inazunguka kiasi gani?

Kwanza B inafungwa. Momenti za ncha za kipande cha AB zinakuwa 20 × 6² ÷ 12, yaani 60: chanya kwenye A, hasi kwenye B, tukihesabu kinyume cha mwendo wa saa kuwa chanya. Ukakamavu wa B unachangiwa na vipande vyote viwili: 4EI/6 kutoka upande mmoja na 4EI/4 kutoka wa pili, jumla 5EI/3. Kwa hiyo B inazunguka kwa 60 ÷ (5EI/3), sawa na 36/EI.

Sasa hatua inayosahaulika. Mzunguko huo ukirudishwa kwenye matriki ya AB, unatoa momenti ya 12 kwenye A na 24 kwenye B. Huo ni mchango wa kuachiliwa peke yake. Ni lazima zile 60 zirudishwe: A inakuwa 60 + 12 = 72, na B inakuwa −60 + 24 = −36. Upande wa BC, B inapata +36 na C inapata 18. Kwenye B, −36 na +36 zinafutana, ishara kwamba kiungo kimetulia.

Anayeandika programu yake mwenyewe akisahau kurudisha zile 60, ukuta wa A utaonekana una momenti ya 12 badala ya 72, na nondo za juu pale zitapangwa kwa sehemu moja ya sita ya kinachohitajika. Kompyuta haitalalamika, kwa sababu mzunguko wa B wenyewe ni sahihi.

Kosa la pili ni kuugawa mzigo nusu kwa nusu na kuuweka kwenye ncha bila momenti zake. Katika mfano huu, kilonewtoni 60 zitaangukia A na 60 zitaangukia B, zote zishuke moja kwa moja kwenye maegemeo. B haitazunguka hata kidogo, na programu itatangaza kwamba boriti yenye mzigo wa kilonewtoni 120 haina momenti popote.

La tatu hutokea ncha moja ikiwa na bawaba, yaani inazunguka bila kizuizi. Hapo wL²/12 haitumiki tena: ncha yenye bawaba haina momenti, na iliyofungwa hupokea wL²/8. Anayebadilisha matriki kwa ajili ya bawaba lazima abadilishe na kani hizi pia.

Kuyagundua makosa haya hakuhitaji programu nyingine. Chini ya mzigo uliotandazwa, mchoro wa momenti lazima ujikunje. Ukiwa mstari ulionyooka kutoka kiungo hadi kiungo, kani za ncha zilizofungwa hazikurudishwa. Katika mfano wetu, katikati ya AB panatakiwa kuwa na 36: ile 90 ya boriti iliyolazwa tu juu ya maegemeo mawili, ukitoa 54 ambayo ni wastani wa 72 na 36. Kisha zijumlishwe kani za maegemeo. A inasukuma juu kwa 66, B kwa 67.5, na C inaivuta boriti chini kwa 13.5, kwa sababu kipande cha BC kinataka kunyanyuka. Jumla ni 120, sawa na mzigo wote uliowekwa.