Makala yako ya zamani haisomwi tena? Usiandike mpya, ifufue palepale ilipo

Leo nawapa kisa cha dagaa wangu, maana kimenifundisha kwa hasara.

Mimi nauza dagaa hapa Mwanza. Nachukua mzigo Mwaloni, Kirumba, na wateja wangu wengi wako Sengerema, Geita na Katoro. Mwaka 2021 niliandika makala kwenye blogu yangu ya Blogger, nikieleza jinsi mzigo wa dagaa unavyosafiri kutoka Mwanza hadi Geita. Ilikuwa inaniletea wateja bila kulipia tangazo. Mtu anatafuta Google, anasoma, ananipigia.

Katikati ya 2025 simu zikaanza kupungua. Mimi nikasema ni msimu tu. Mpaka mama mmoja wa Katoro akaniambia, "Dada, nilisoma kwako kwamba mzigo ukikosa kivuko cha jioni unalala Kigongo. Nikaona dagaa watachelewa, nikanunua kwa mwingine. Kumbe siku hizi magari yanapita darajani!"

Niliishiwa maneno. Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo–Busisi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Lina urefu wa kama kilomita 3 juu ya ziwa, na gari linavuka kwa dakika chache tu. Zamani foleni ya kivuko ingeweza kukuweka saa mbili. Mimi nimepita juu ya daraja hilo mara kibao, lakini makala yangu bado ilikuwa inasubiri kivuko.

Kosa langu la kwanza

Nilikimbilia kuandika makala mpya kabisa, yenye anwani mpya. Wiki zikapita, haisomwi. Sababu yake ni hii: Google inaijua anwani, ile linki yenyewe. Ya zamani ilikuwa na miaka minne, imetumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na kuna watu waliiweka kwenye kurasa zao. Sifa zote hizo zimekaa kwenye anwani ile. Mpya ilianza na sifuri. Halafu zote mbili zikawa zinagombania mteja yuleyule.

Ni sawa na kuhama kibanda chako cha Mwaloni bila kumwambia mtu. Dagaa ni walewale, ila wateja wanakwenda kulekule walikokuzoea.

Kwanza jua ugonjwa

Kabla ya kurekebisha, nilifungua Google Search Console. Ni ya bure. Ingia Performance, chagua ukurasa wako mmoja, kisha linganisha miezi mitatu ya sasa na miezi kama hiyo ya mwaka uliopita. Ukilinganisha na mwezi jana tu, msimu utakudanganya. Ila usichelewe, kumbukumbu zake zinaishia miezi 16 nyuma.

Tazama vitu vitatu: Impressions ni mara ngapi umeonekana kwa wanaotafuta, Clicks ni mara ngapi wamekubonyeza, na Average position ni nafasi yako kwenye orodha.

Kama nafasi imeshuka, kuna mwenzako ameandika vizuri zaidi au yuko sahihi kuliko wewe. Kama nafasi ni ileile na unaonekana kama zamani lakini hawakubonyezi, mara nyingi kichwa chako kinaonekana cha zamani. Na kama nafasi ni ileile ila Impressions zimeanguka, watu wameacha kutafuta maneno hayo.

Yangu ilikuwa hii ya mwisho. Nilipofungua Queries nikaona "kivuko Kigongo Busisi" imekauka. Nani atafute ratiba ya kivuko wakati daraja lipo? Badala yake yameanza kuchungulia maneno yenye "daraja". Hapo nikajua cha kuandika.

Nilichofanya kwenye makala

Niliichapisha kwenye karatasi nikapita mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Kila sentensi nikaiuliza: hii bado ni kweli leo?

Sehemu ya kivuko, pamoja na foleni na mzigo kulala, niliifuta yote. Nikaandika sehemu mpya ya kupita darajani. Ila nikaacha sentensi moja inayosema kwamba kabla ya Juni 2025 watu walivuka kwa kivuko, ili anayetafuta kwa jina la zamani asidhani amepotea.

Bei za kusafirisha gunia sikuzikisia. Nilikwenda stendi ya Nyegezi, nikauliza wapakiaji, nikaandika bei na mwezi niliouliza. Bei isiyo na tarehe ndiyo inayozeesha makala haraka.

Sehemu ya kufunga dagaa sikuigusa. Kukausha vizuri, kutumia gunia linalopitisha hewa, na kutopakia dagaa karibu na mafuta ya taa, hayo hayajabadilika na daraja. Usifute kitu kizuri eti kwa sababu ni cha zamani.

Kichwa nikakibadilisha, "kivuko" ikatoka, "daraja" ikaingia. Na mstari wa kwanza kabisa nikaandika mwezi na mwaka nilioirekebisha.

Anwani usiiguse

Anwani yangu ina mwaka 2021 na neno kivuko ndani yake:

```
/2021/04/dagaa-mwanza-geita-kivuko.html
```

Inachefua, najua. Mkono uliniwasha kuibadilisha. Niliiacha. Mteja anasoma kichwa, hachunguzi anwani. Kwenye Blogger, makala ikishachapishwa unaweza kubadili kichwa na maneno yote, na anwani inabaki ileile. Fanya marekebisho palepale kisha bonyeza Update. Usibonyeze Revert to draft, kwa sababu huko ndiko anwani inakoweza kubadilika.

Ile makala mpya niliyokuwa nimeiandika, maneno yake mazuri niliyahamishia kwenye ya zamani, kisha nikaifuta. Ili aliye na linki yake asikute ukurasa mtupu, niliingia Settings, Errors and redirects, halafu Custom redirects. Kwenye From niliweka njia ya ile iliyofutwa, kwenye To njia ya ile ya zamani, nikawasha Permanent. Zote mbili zinaanza na alama ya / bila jina la tovuti.

Mwisho nikarudi Search Console, nikabandika anwani kwenye kisanduku cha juu cha URL Inspection, nikabonyeza Request Indexing. Mara moja inatosha. Ukibonyeza mara kumi haiharakishi. Inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa.

Tahadhari

Kuna wanaobadilisha tarehe tu, 2021 inakuwa 2025, na ndani hawajagusa neno. Google yenyewe inaonya kuhusu mchezo huo. Na hata ukipita kwa Google, mteja atakayesoma habari ya kivuko chini ya tarehe mpya atakuona muongo, na huyo hanunui.

Pia dawa hii haitibu kila kitu. Kama bidhaa yenyewe haitafutwi tena, makala haiwezi kumrudisha mtu. Mimi niliponea kwa sababu watu bado wanataka dagaa Geita, ni njia tu iliyobadilika.

Yangu ilichukua kama mwezi na nusu. Simu hazijafika kama zile za zamani, ila zimerudi. Na yule mama wa Katoro nilimtumia linki ileile aliyokuwa nayo. Alichukua magunia mawili.

Wewe ya kwako inasema nini ambacho si kweli tena? Ifungue leo usiku uisome kama mteja, halafu niambie hapa chini umekuta nini.