Kapu ya soko inaweza kukufundisha vekta na matrisi: namna gani mashine inajifunza

Wanafunzi wengi wa sekondari hapa Uvira wanafunga daftari siku profesa anaandika neno "matrisi" kwenye ubao. Wanaona namba zimepangwa ndani ya mabano makubwa, na hakuna mwenye kuwaambia zile namba zinatumikia nini. Lakini mashine zenye kujifunza, sawa zile zenye kutafsiri luga ao kutambua sura kwenye telefone, kazi yao kubwa ni kuzidisha matrisi. Na mama mwenye kuenda soko anafanya ile hesabu kila siku bila kuiita jina.

Tuanzie soko. Mama Asha anataka kununua kopo 2 za ndagala, kilo 5 za unga wa muhogo, na lita 1 ya mawese. Andika zile namba kwa mpango: 2, 5, 1. Ile ndiyo vekta. Vekta ni orodha ya namba yenye mpango. Mpango ule ni wa lazima: ukiandika 5, 2, 1, mama atarudi nyumbani na kopo 5 za ndagala na kilo 2 tu za unga, na watoto hawatashiba.

Bei nazo ni vekta. Tuseme, kwa mfano tu, hapa Kimanga kopo ya ndagala ni franka 3000, kilo ya unga 1500, lita ya mawese 4000. Kwa kujua mama atalipa ngapi, unachukua kila namba ya kapu na bei yake, unazidisha, kisha unajumlisha: 2 × 3000 ni 6000, 5 × 1500 ni 7500, 1 × 4000 ni 4000. Jumla 17500. Umekwisha kuzidisha vekta mbili.

Sasa jirani yake, Mama Neema, yeye anataka kopo 1, kilo 10 na lita 2. Tena kuna bei za Mulongwe, tuseme 2500, 1600 na 4000. Weka makapu mawili moja chini ya ingine, na bei za kila soko zisimame wima:

```
Makapu          Kimanga  Mulongwe
2   5   1        3000      2500
1  10   2        1500      1600
                 4000      4000
```

Zile namba za makapu ni matrisi ya mistari 2 na safu 3. Zile za bei ni matrisi ya mistari 3 na safu 2. Kuzidisha ni kazi ile ile ya mbele: unachukua mstari mmoja wa makapu, unaulalisha kwenye safu moja ya bei, unazidisha, unajumlisha. Unapata namba nne:

```
         Kimanga  Mulongwe
Asha      17500     17000
Neema     26000     26500
```

Angalia vizuri: Asha afazali aende Mulongwe, lakini Neema afazali abakie Kimanga, kwa sababu yeye ananunua unga mwingi. Hesabu moja imejibu maulizo mane mara moja.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanakosea: wanazidisha namba ya juu kushoto na namba ya juu kushoto, ingine na ingine, sawa vile mtu anajumlisha. Hapana. Ni mstari na safu. Na utajua kama kazi inawezekana kwa kuhesabu tu: kapu iko na vitu 3, orodha ya bei lazima iwe na bei 3. Kama bei ni 4, kuna kitu kimoja chenye bei lakini hakuna kwenye kapu, na hesabu inakataa.

Sasa, mashine inajifunza namna gani? Geuza ile hadisi. Tuseme mtoto anabeba mifuko kila siku, anaona vitu vyenye kuwa ndani na franka zote zenye kulipwa, lakini hakuna mtu anamwambia bei. Yeye anapaswa kuzitafuta mwenyewe. Mashine iko katika hali ya ule mtoto. Zile bei zenye kufichwa, kwenye mashine wanaziita uzito.

Tufanye na vitu viwili tu, ndagala na unga. Mfuko wa kwanza uko na ndagala 1 na unga 2, umelipwa 6000. Wa pili uko na ndagala 3 na unga 1, umelipwa 10500. Mtoto anaanza kwa kubahatisha: ndagala 2000, unga 1000.

Mfuko wa kwanza, kwa bei zake, ni 2000 na 2000, jumla 4000. Amekosa 2000. Ataongeza wapi? Unga ulikuwa mara mbili ya ndagala ndani ya mfuko, kwa hiyo nayo inapata sehemu mbili ya masahihisho: ndagala inaongezeka 400, unga 800. Bei mpya ni 2400 na 1800. Pima: 2400 na 3600 ni 6000. Imeenea.

Mfuko wa pili sasa: 7200 na 1800 ni 9000. Amekosa 1500. Hapa ndagala iko mara tatu ya unga, basi inapata 450, unga 150. Bei ni 2850 na 1950. Akirudia mfuko wa kwanza, anapata 6750: amepitisha 750, anapunguza kwa njia ile ile, anafika 2700 na 1650. Mfuko wa pili tena: amekosa 750. Mzunguko wenye kufuata, kosa ni 375. Unaona? Kila mzunguko kosa linakatika nusu, na bei zinakaribia 3000 na 1500, zile za kweli. Mashine za kweli zinasahihisha kidogo kidogo kuliko mtoto huyu, na uzito wao ni mamilioni, lakini njia ni hii: bahatisha, zidisha, pima kosa, sahihisha, rudia.

Lakini kuna mtego. Tuseme mifuko yote ya mtoto iko na unga mara mbili ya ndagala: 1 na 2, 2 na 4, 3 na 6. Anaweza kupata bei 2000 na 2000, na kila mfuko utaenea bila kosa hata moja. Atafikiri amejua. Siku unamletea ndagala 3 na unga 1, atasema 8000, wakati ni 10500. Kwa hiyo mashine haipimwi kwa mifuko yenye ilijifunza nayo. Inapimwa kwa mfuko mpya, wa namna ingine.

Jambo hili linatugusa sisi wa huku. Katika mwaka wa 2018, watafiti wa Facebook walitoa vekta za maneno kwa luga 157, Kiswahili ndani yake. Kila neno lilipewa orodha ya namba 300, na maneno yenye kutumiwa pamoja, kama "samaki" na "ziwa", namba zao zinakaribiana. Zilijifunza kutoka maandishi ya Wikipedia na ya kurasa zingine za intaneti. Kiswahili chenye kuandikwa kule ni zaidi cha Tanzania na Kenya. Chetu cha Uvira tunakisema sana, tunakiandika kidogo. Mashine ikikosea na maneno yetu, usifikiri luga yetu ni mbovu. Ni mifuko yetu ndiyo haijaiona.

Wewe mwanafunzi, chukua karatasi: mfuko wa ndagala 4 na unga 3, kwa bei 3000 na 1500, utalipwa ngapi? Kama umepata 16500, umezidisha vekta.