Kidonda Kisichopona Hakiponi kwa Kukaushwa

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika kazi yangu ya utabibu wa ngozi, niwapo Kilosa mjini, au Mikumi kandokando ya barabara kuu iendayo Iringa, au popote baina ya miji hiyo miwili ambapo watu hulima mpunga na kukata miwa miguu mitupu, ni hili: "Daktari, nipake dawa gani kidonda kikauke?" Aulizaye huwa amekunja suruali au ameinua pindo la kanga, na kidonda anachonionyesha kimekaa mwaka mzima, au miaka mitatu, au tangu ujana wake, na juu yake, aghalabu, pamenyunyizwa unga uliotolewa ndani ya kapsuli za rangi mbili zilizonunuliwa duka la dawa. Nimelijibu swali hilo kwa upole mara nyingi mno, na leo nataka kulijibu kwa ukamilifu, kwa kuwa kila anayeliuliza amekwisha kuamua kwamba ubaya wa kidonda chake ni umajimaji, ilhali la kuulizwa ni kwa nini nyama ile imekataa kufunga.

Tuanze na huo unga. Dawa iliyomo ndani ya kapsuli ilitengenezwa imezwe, iingie katika damu, na kwa njia ya damu iwafikie bakteria walipojificha. Haikukusudiwa kumwagwa juu ya nyama mbichi. Ikimwagwa hapo huwaua baadhi ya bakteria wa juu juu, harufu ikapungua, usaha nao ukapungua kwa siku tatu au nne, na mwenye kidonda akafurahi akidhani kwamba maradhi yanarudi nyuma. Lakini unga huo ukichanganyika na maji ya kidonda hugandamana ukawa gamba gumu, na chini ya gamba lile usaha huendelea kujikusanya, na kingo za kidonda, ambazo ndizo zenye habari yote anayoitafuta tabibu, hufunikwa zisionekane. Wako ambao miili yao haiukubali, ngozi ya pembeni ikawasha na kuchubuka, na kidonda kikazidi upana kwa sababu ya tiba yenyewe.

Hayo yote ni madhara madogo. Dhara kubwa ni muda unaopotea, maana ikiwa ndani ya kidonda kile imekwisha kuota saratani, basi tunashughulika na chembe za mwili wa mgonjwa mwenyewe zilizoacha kutii na kuzaana pasipo kikomo, wala hakuna kiuavijasumu duniani kinachozigusa. Anayezinyunyizia unga ni kama mtu apakaye chokaa ukuta ulioliwa na mchwa: uso wa ukuta huwa mweupe, na boriti zinaendelea kutafunwa. Wabaya zaidi ni wale wanaouza dawa za kuunguza, na wanaotia unga mweusi wa ndani ya betri, kwani vitu hivyo huila nyama ya juu, kidonda kikaonekana kimesawazika, na mzizi ukazidi kushuka kuelekea mfupani. Tena siku mgonjwa atakapofika hospitali na kukatwa kinyama cha kupimwa, huenda kikatoka kipande cha nyama iliyokufa kwa kuunguzwa, na majibu yakarudi kwamba saratani haikuonekana, hali ipo.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba fulani alipaka unga akapona. Sikatai kwamba alipona. Nakataa kwamba unga ndio uliomponya. Mkwaruzo wa jembe au wa kisiki, katika mwili wenye lishe na damu inayopita vizuri, hujifunga wenyewe baada ya wiki chache, upakwe unga au uoshwe maji safi tu, na sifa huchukuliwa na kilichopakwa mwisho. Vidonda vinavyopona kwa unga ni vile ambavyo vingepona bila unga. Na kile kisichopona, ambacho ndicho kilichohitaji akili zetu, hulaumiwa kwamba mgonjwa amekanyaga kitu alichotegewa, kisha huanza safari ya waganga, na mwaka mwingine hupita.

Nitoe mfano wa mzee mmoja wa upande wa Kimamba, ambaye ujanani alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge, na wakati ule aliota donda ndugu mbele ya muundi wa mguu wa kushoto. Donda lile lilifunga kwa kovu jembamba lenye kung'aa, likapasuka, likafunga tena, na kwa miaka mingi mzee alilizoea kama mtu anavyozoea jirani mgomvi. Aliponijia alisema kwamba limeanza "kuota nyama", naye alifurahi, akiihesabu nyama ile kuwa ni dalili ya kupona. Nyama inayoponya huwa nyekundu, laini, sawa na uso wa ngozi, na kingo zake hutelemka taratibu kuelekea katikati, zikiwa na utepe mwembamba wa ngozi changa. Ya mzee ilikuwa imeinuka juu ya ngozi na kufanya vifundo vifundo, kingo zake zimepinduka kwenda nje na kuwa ngumu chini ya kidole; ikiguswa na shashi hutoa damu, na harufu yake haikuondoka hata baada ya kuoshwa vizuri. Katika kinena cha upande ule ule palikuwa na mtoki mgumu usiouma. Kwa kuona na kushika peke yake nilikuwa na dhana yenye nguvu, walakini dhana si ithibati, kwa hiyo tulikata kinyama, tukakikata ukingoni, mahali nyama ngeni inapokutana na ngozi nzima, kwa maana katikati ya kidonda kama kile hapana ila uozo. Majibu yalithibitisha saratani ya tabaka la juu la ngozi, iliyoota ndani ya kovu.

Mambo haya tabibu Mfaransa Marjolin aliandika habari zake mwaka 1828, na hapa kwetu yangalipo. Mwaka 2012 matabibu wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha habari za wagonjwa 56 ambao saratani zao ziliota katika makovu na vidonda vya zamani, hasa makovu ya moto, na mguu ndio uliokuwa umeshambuliwa kuliko viungo vingine. Saratani hii haina haraka mwanzoni. Hungoja miaka, mara nyingi makumi ya miaka, na kwa ajili hiyo mgonjwa haioni tofauti ya kidonda cha mwaka jana na cha mwaka huu.

Wapo watakaoniuliza, na huniuliza kweli, vipi mtu mweusi apatwe na saratani ya ngozi, hali saratani hiyo tunaiona kwa Wazungu na kwa ndugu zetu wenye ualbino. Wanachokiona ni kweli, lakini wanakitoa mahali pake. Weusi wa ngozi ni kinga dhidi ya jua, na saratani za uso, shingo na mikono zinazowatesa wenye ualbino huletwa na jua. Muundi wenye kovu la miaka 30 haukuharibiwa na jua. Uliharibiwa na kupasuka na kujiunga kusikokwisha. Wala unyayo hauoni jua, na hapo ndipo inapoota saratani nyingine iliyo kali kuliko hiyo, melanoma, inayotokana na chembe zile zile zinazotengeneza rangi. Melanoma ya unyayoni na ya chini ya kucha huwapata watu wa rangi zote kwa kiasi kisichotofautiana sana. Wazungu huzidi kwa kuwa wanayo pia ile ya jua. Bob Marley, ambaye hapana kijana wa Mikumi asiyejua nyimbo zake, ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, ikadhaniwa ni jeraha la mpira, ikatambuliwa mwaka 1977, naye akafariki tarehe 11 Mei 1981, umri wake miaka 36.

Si kila doa jeusi la unyayoni ni melanoma, hasha. Watu weusi wengi wana madoa ya kahawia nyayoni mwao miguu yote miwili, mengi, mepesi, yasiyobadilika kwa miaka, na hayo yaachwe. Damu iliyovilia chini ya sugu huonekana nyeusi kabisa, lakini tabibu akiiparua sugu kwa kisu chembamba hutoka nayo, au husogea kadiri ngozi na ukucha vinavyokua. Funza naye huacha nukta nyeusi, ila huwasha na huisha. Doa la kutiliwa shaka ni lile la peke yake, lililokuja ukubwani na kuzidi milimita 6 au linaloendelea kutanuka, lenye mpaka usionyooka na rangi zilizochanganyika, nyeusi hapa, kahawia pale, kijivu kwingine. Au mstari mweusi wa ukucha unaopanuka hadi kuipaka rangi ngozi inayouzunguka. Kuna nayo isiyo na rangi kabisa, inayofanana na kinyama chekundu kilichokataa kupona unyayoni, na hiyo ndiyo inayopakwa unga kuliko zote.

Sasa yafanywayo, kwa mkato. Kidonda cha mguu kisichopungua baada ya wiki 6 za kuoshwa kwa maji safi na kufungwa vizuri kipelekwe Hospitali ya Wilaya Kilosa, au Mtakatifu Kizito kwa watu wa Mikumi, kupimwa sukari, mzunguko wa damu na ganzi ya nyayo, kwa sababu ukoma haujatoweka mkoani Morogoro. Kikifika miezi 3 bila kufunga, au kingo zikiinuka hata kabla ya hapo, mgonjwa adai kinyama kikatwe. Doa dogo hukatwa lote, likiwa na ukingo wa milimita 1 hadi 3 za ngozi nzima, wala lisichomwe kwa umeme au dawa, maana kilichochomwa hakipimiki. Kinyama hutiwa katika formalini ya asilimia 10, ujazo wake ukiwa mara 10 ya kinyama chenyewe, na kikishakuwa humo mgonjwa si lazima asafiri. Chupa yenye jina, umri na mahali kilipokatwa huweza kupelekwa kwenye maabara ya patholojia kwa basi.

Majibu yakija ya saratani ya kovu, hukatwa pamoja na sentimita 1 hadi 2 za ngozi nzima pembeni na kuwekwa kiraka cha ngozi. Ikiwa imeingia mfupani, mguu hukatwa chini ya goti. Ya melanoma hutegemea unene wake: isiyozidi milimita 1 hukatwa na sentimita 1 ya pembeni na wengi hupona, iliyozidi milimita 2 huhitaji sentimita 2 na kuchunguzwa mitoki, na iliyozidi milimita 4 aghalabu imekwisha kutuma mbegu kwingine. Mionzi ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road huifaa saratani ya kovu kuliko melanoma, ambayo husikia mionzi kidogo. Anayepewa rufaa ya Dar es Salaam asingoje gharama ya gari la kukodi, kwani treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 husimama Kilosa. Na wanaoogopa kwamba kisu huisambaza saratani wajue kwamba wengi wa waliokufa baada ya kukatwa walikatwa saratani ikiwa imekwisha kusambaa. Baada ya upasuaji kinena na kovu hushikwa na tabibu kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 hadi utimie mwaka wa tano. Na baina ya safari hizo mgonjwa, au mwana wake kama macho yake yamechoka, hutazama nyayo zote mbili na katikati ya vidole vyote kila mwisho wa mwezi, mchana, penye mwanga.